Darasa zima kwa pamoja au vituo vya kuzunguka? Kupanga somo la viungo kwa wanafunzi wenye usonji

Mwalimu anayepanga somo la elimu ya viungo kwa wanafunzi wenye usonji huwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kufundisha darasa zima kwa pamoja: wote wanafanya jambo moja kwa wakati mmoja, kisha wote wanahamia jambo linalofuata. Ya pili ni vituo: uwanja au ukumbi unagawanywa sehemu kadhaa, kila sehemu ina kazi yake, na wanafunzi wawiliwawili wanazunguka kutoka kituo hadi kituo.

Wengi huamini kwamba vituo ni bora daima, kwa sababu watoto wawili wakiwa pembeni huonekana watulivu kuliko wanane wakiwa katikati. Mimi sikubaliani na jibu hilo la jumla. Njia zote mbili zinaweza kuwa na utaratibu unaotabirika, na zote mbili zinaweza kumlemea mtoto. Tofauti yake ni mzigo ambao kila moja inambebesha. Kufundisha kwa pamoja kunamdai mtoto asubiri na astahimili watu wengi kumzunguka. Vituo vinamdai aache alichokuwa akifanya na aanze kingine, mara kadhaa katika somo moja. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize ni lipi kati ya hayo mawili linalowaumiza zaidi watoto ulio nao.

Darasa la mfano

Tuchukue darasa la wanafunzi wanane wenye umri wa miaka minane hadi kumi, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Somo ni la dakika 40, ndani ya ukumbi wenye kuta ngumu na sakafu ya saruji. Ujuzi unaofundishwa ni kutupa kwa mkono kutoka chini kwenda juu, kuelekea shabaha.

Katika darasa hili kuna mvulana anayeziba masikio kila sauti inapopanda na anayekimbilia mlangoni watu wakimkaribia. Kuna pia msichana ambaye akianza kazi hawezi kuachana nayo kabla haijaisha kwa jinsi yeye anavyoelewa neno kuisha. Ukimkatiza, analia na kujigonga kichwani. Watoto hawa wawili wanavuta mpango pande tofauti, na ndiyo sababu nimewachagua.

Mpangilio wa jumla wa somo haubadiliki kwa njia yoyote utakayochagua. Dakika tano za kuingia: kila mtoto anabandika kadi yake ya jina ubaoni, kisha anatembea mizunguko miwili kwa kufuata mstari wa sakafuni. Dakika tano za kupasha mwili kwa miondoko minne ileile, kwa mpangilio uleule. Dakika 20 za kazi kuu. Dakika tano za kujinyoosha kila mmoja akiwa kwenye mkeka wake. Dakika tano za kunywa maji, kuondoa kadi na kutoka. Maji yana picha yake kwenye ratiba kwa sababu watoto wengi wenye usonji hawatambui vizuri ishara za ndani ya mwili, kama vile kiu na joto. Ukingoja aseme ana kiu, huenda asiseme kamwe.

Ulinganisho wetu unahusu zile dakika 20 za katikati.

Kazi ileile kwa njia mbili

Tuanze na kufundisha kwa pamoja kulivyozoeleka: shabaha moja ukutani, watoto wanane kwenye foleni. Kutupa, kuokota na kurudi nyuma ya foleni kunachukua kama sekunde 15. Zamu ya mtoto inarudi kila baada ya dakika mbili. Kwa dakika 16 za kazi, kila mmoja anatupa mara nane. Jumla ya muda wake wa kufanya kitu ni dakika mbili, na dakika 14 amesimama, mtu mbele yake na mtu nyuma yake, bila kazi yoyote. Mvulana wetu hatafika hata zamu ya tatu.

Sasa vituo vinne. Watoto wawili kila kituo, dakika nne kila kituo, dakika moja ya kuhama. Jumla ni dakika 16 za kazi na tatu za kuhama, na dakika moja inabaki ya akiba. Kwenye kituo cha kutupa, kila mtoto ana shabaha yake, kwa hiyo anaweza kutupa hadi mara 16 ndani ya dakika nne bila kusubiri hata kidogo. Vituo vingine vitatu ni kuruka kwenye pete zilizolazwa sakafuni, kutembea juu ya ubao mwembamba, na kusukuma sanduku zito kutoka alama moja hadi nyingine.

Kwa hesabu hiyo vituo vimeshinda. Lakini mtazame msichana. Katika dakika 20 ameambiwa "acha" mara tatu, na kila mara kwa sababu ya saa ya mwalimu, si kwa sababu kazi yake imeisha. Kwake hizo ni hasara tatu mfululizo.

Kuna pia namna ya tatu, ambayo mara nyingi husahaulika: kufundisha kwa pamoja bila foleni. Kila mtoto ana mkeka wake, kikapu chake na shabaha yake ukutani, wote wanatupa kwa wakati mmoja. Hakuna kusubiri na hakuna kuhama. Unapoteza kitu kimoja: watoto wanane wanasogea na kutoa sauti kwa pamoja, mbele ya macho ya kila mmoja. Ukiwapanga wote waelekee ukuta mmoja, umbali wa hatua tatu hivi kati ya mkeka na mkeka, kila mtoto anaona shabaha yake na mgongo wa mtu hamna. Hiyo pekee inapunguza sana kinachoingia machoni.

Ndiyo maana ulinganisho wa haki si kati ya vituo na foleni. Foleni iondolewe kabisa, haina utetezi katika darasa hili. Ulinganisho wa haki ni kati ya vituo na mikeka iliyopangwa mbele ya ukuta mmoja.

Kelele na macho

Tangu mwaka 2013, DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, unahesabu kupokea hisi kupita kiasi, au kwa upungufu, kuwa miongoni mwa dalili za usonji. Maana yake kwa mwalimu wa viungo ni kwamba darasa moja linaweza kuwa na mtoto anayeumizwa na mdundo wa mpira na mwingine anayeutafuta mdundo huo makusudi.

Katika ukumbi wa kuta ngumu, sauti haifi mara moja; inarudi na kurundikana juu ya inayofuata. Mipira minane inayodunda kwa wakati mmoja ni adhabu. Kwa mikeka ya pamoja, tumia vifuko vya kitambaa vyenye nafaka kavu ndani badala ya mipira. Kifuko kikianguka hakidundi, hakitoi mwangwi na hakibingiriki hadi kwa jirani, na mtoto anakiokota pale kilipoangukia. Mabadiliko hayo ya kifaa kimoja huondoa kelele nyingi na pia sababu kubwa ya watoto kuingiliana.

Kwa vituo, sauti ni chache kwa jumla lakini ni za aina nyingi: kishindo cha kuruka hapa, sanduku linalokwaruza pale. Sauti za aina moja zinazojirudia mtoto huweza kuzizoea. Za aina nne zinazokuja bila mpangilio ni vigumu zaidi. Weka kituo cha kuruka na cha kutupa kwenye pembe mbili zinazopingana. Sanduku lisukumwe juu ya mkeka, si juu ya saruji. Na watoto watupe kuelekea ukutani, kamwe wasitupe kuelekea katikati, maana kitu kinachoruka pembeni ya jicho kinamtia wasiwasi hata mtoto ambaye hakikumlenga.

Filimbi haifai katika njia yoyote kati ya hizi. Ni kali, haitangulizwi na onyo, na ndani ya ukumbi hujirudia. Badala yake inua kibao chenye rangi, na msaidizi afanye vivyo hivyo upande wa pili. Kwa mtoto asiyetazama juu, mguse mkeka wake, si bega lake. Vifaa vya kuziba masikio viwepo mahali panapojulikana, na mtoto aviendee mwenyewe. Nawaomba walimu wasivifiche kwa nia ya "kumzoesha" mtoto kelele. Mtoto aliye na maumivu masikioni hajifunzi kutupa.

Jambo dogo kuhusu fulana za kugawia timu: kitambaa cha plastiki kinachovaliwa juu ya nguo huwasumbua wengi, na kinapita usoni wakati wa kuvaa. Kadi ya rangi iliyobandikwa kwenye mkeka inafanya kazi hiyohiyo.

Mwisho wa kazi ndipo penye mgogoro

Hapa ndipo vituo hufaulu au huharibika. Mpango wa TEACCH wa kuwasaidia watu wenye usonji, uliotoka Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani na kuwa mpango wa jimbo zima mwaka 1972, huwafundisha walimu kupanga kila kazi kiasi kwamba mtoto aone majibu ya maswali manne bila kuelezwa kwa maneno: nifanye nini, nifanye kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na kinachofuata ni nini. Masomo mengi ya viungo hujibu swali la kwanza tu. Mwalimu anaonyesha jinsi ya kutupa, kisha anasema "endeleeni". Waendelee hadi lini?

Kwa msichana wetu, swali la tatu ndilo kila kitu. Dakika nne hazimwambii lolote, hata ukimwonyesha saa ya mchanga. Kikapu chenye vifuko kumi kinamwambia: kikiwa kitupu, imekwisha. Kwa hiyo kituo chake kimalizwe kwa idadi, si kwa muda. Vifuko kumi vikiisha, anachukua kadi iliyo chini ya kikapu, na kadi hiyo ina picha ya kituo kinachofuata. Hakuna aliyemkatiza; kazi yenyewe imemruhusu aondoke.

Tatizo linakuja mara moja: watoto hawamalizi kwa wakati mmoja. Atakayemaliza mapema atafika kituo ambacho bado kina watu. Suluhisho ninalolipendelea ni kuwa na kituo kimoja zaidi ya idadi ya jozi. Jozi nne, vituo vitano: wakati wowote kuna kimoja kilicho wazi. Hicho cha tano kiwe chepesi na kisichohitaji mtu mzima, kwa mfano kulala chali kwenye mkeka na kubana mpira laini mara ishirini.

Kwenye mikeka ya pamoja mgogoro huo ni mdogo, lakini upo. Hakuna mtoto atakayetupa mfululizo kwa dakika 16. Gawanya kazi katika duru: vifuko kumi, kisha kutembea hadi ukutani kuviokota, kisha kumi tena kutoka umbali mwingine uliochorwa sakafuni. Duru zinaonyeshwa kwa namba tatu zilizobandikwa kando ya mkeka, na mtoto anabandua moja baada ya kila duru. Anayemaliza mapema anakaa kwenye mkeka wake na mpira laini, wala hapewi duru ya nyongeza. Kumpa kazi zaidi baada ya kumwonyesha kwamba amemaliza ni kuvunja ahadi ya ratiba, na safari nyingine hataziamini namba zako.

Mtoto anapolazimika kutoka

Katika njia zote mbili pawe na pembe tulivu: mkeka, kizuizi cha kukinga macho, na kadi ambayo mtoto anaweza kuitoa bila kusema neno. Pembe hiyo isiwe mahali pa adhabu hata siku moja.

Lakini kurudi hakulingani. Mtoto aliyeondoka kwenye vituo anarudi pale kadi yake ilipobaki, kazi yake inamngoja. Aliyeondoka kwenye kazi ya darasa zima anaweza kukuta wenzake wameshahamia jambo jingine, na kuingia katikati ya kitu kilichokwisha kuanza ni vigumu sana. Duru zile za mkeka zinasaidia, kwa kuwa anarudi kwenye namba yake mwenyewe. Ikiwa una watoto wanaotoka mara kwa mara, hoja hii inaelekeza kwenye vituo.

Dalili za kulemewa huja kabla ya kutoka. Kupunga mikono au kuyumbayumba kwenyewe si dalili mbaya. Kwa watoto wengi ni njia ya kujituliza, na hakuna haja ya kuzuia. Unachotafuta ni mabadiliko: kupunga kunakoongezeka kasi, mlio wa mdomoni unaopanda, swali lilelile linalorudiwa, kusogea polepole kuelekea ukutani. Ukiona hayo, punguza kwanza kinachoingia. Nyamaza, simama mbali kidogo, elekeza kwenye kadi. Ukitoa agizo fupi, ngoja sekunde kumi kabla ya kulirudia, maana kurudia haraka ni sawa na kuanza upya.

Kuhusu kile kituo cha kusukuma sanduku zito: wapo watoto wanaotulia baada ya kazi ya nguvu, na wapo wanaochangamka kupita kiasi. Usikiandike kama tiba ya wote. Tazama mtoto anafanyaje katika dakika mbili zinazofuata, kisha amua kama kituo hicho kitatangulia ubao mwembamba au kitaufuata.

Watu wazima mlio nao

Vituo vinne vikiwa na watu wazima wawili, viwili havina mtu. Kwa hiyo vituo visivyo na mtu lazima viwe vya ujuzi ambao watoto tayari wanaumudu peke yao. Jambo jipya liwe moja tu, na mwalimu asimame hapo muda wote. Msaidizi abaki karibu na mlango, kwenye ubao mwembamba.

Ukiwa peke yako na watoto wanane, vituo vinne ni hatari. Chagua mikeka ya pamoja, au vituo viwili tu ambavyo unaviona vyote bila kugeuka. Nje kwenye uwanja wazi ni vivyo hivyo, na hapo ongeza kamba ya kuonyesha mpaka, kwa kuwa mtoto anayekimbia ukumbini anafika ukutani, lakini uwanjani hakuna ukuta.

Ningechagua ipi kwa darasa hili

Kwa wiki za mwanzo ningechagua mikeka ya pamoja. Ujuzi ni mpya, na kila mtoto anahitaji marudio mengi ambayo kituo cha dakika nne hakiwezi kumpa. Msichana hahami, mvulana hana mtu nyuma yake. Mkeka wa mvulana ningeuweka mwisho wa mstari, upande ulio mbali na mlango, ili jirani awe mmoja tu na mlango usimvute, pembe tulivu ikiwa hatua chache kutoka kwake.

Iwapo ujuzi wote tayari unafahamika na lengo ni kuwafanya wasogee zaidi, ningechagua vituo vinavyomalizika kwa idadi. Vivyo hivyo kama watoto wengi ni wale wanaotafuta mwendo. Kuwaweka hao kwenye mkeka mmoja kwa dakika 16 ni kuomba wakimbie.

Kama huna uhakika, usiamue kwa hisia za somo moja. Katika masomo matatu, msaidizi aandike kila mara mtoto anapoondoka au kulia: nani, na ilikuwa wakati gani, akisubiri, akifanya kazi au akihama. Alama zikikusanyika kwenye kuhama, punguza vituo au rudi kwenye mikeka. Zikikusanyika wakati wa kazi yenyewe, huku wenzake wakiwa karibu, watawanye kwa vituo. Na zikiwa kwenye kusubiri, bado kuna foleni mahali fulani ambayo hujaiona, labda kwenye maji au mlangoni.

Ukibadilisha njia, usibadilishe kila kitu siku moja. Kuingia, kupasha mwili, kujinyoosha na kutoka vibaki kama vilivyo. Somo la kwanza la mabadiliko, gawanya ile mikeka pande mbili za ukumbi, kazi ileile pande zote, na watoto wahame mara moja tu. Somo linalofuata, upande mmoja upate kazi tofauti wanayoijua. Vituo vya tatu na vya nne vije baadaye. Kila badiliko liwe na kadi yake maalumu kwenye ratiba, na mara za kwanza kadi hiyo itangulie jambo wanalolipenda. Bila hiyo, mtoto atajifunza mpangilio mmoja tu kwa ukamilifu, na siku ubao mwembamba utakapovunjika, somo zima litavunjika nao.